Barua Pepe ya Kwanza na Hodi ya Pili

Barua pepe ya kwanza kutoka kwa mtumaji asiyejulikana huchelewa kufika katika baadhi ya ofisi na vyuo kwa sababu seva inayopokea huirudisha mlangoni kwa makusudi. Mgeni hafukuzwi. Huambiwa aje tena baadaye, kisha seva hutulia kuona kama atarudi. Mbinu hii huitwa orodha ya kijivu. Mtumaji hayumo kwenye orodha nyeupe ya wanaopita bila kuulizwa, wala hayumo kwenye orodha nyeusi ya waliopigwa marufuku. Yuko katikati, bado hajulikani ni mtu wa namna gani.

Wengi hudhani barua pepe hutoka kwenye simu ya mtumaji na kutua moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji. Kwa kweli hupitia walau mikono miwili, seva ya upande wa mtumaji na seva ya upande wa mpokeaji, na hizo mbili husemezana kabla barua yenyewe haijasogea. Seva inayotuma hujitambulisha, hutaja barua inatoka kwa nani, kisha hutaja inakwenda kwa nani. Kila kauli hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu. Namba inayoanza na 2 maana yake ni sawa, endelea. Inayoanza na 5 ni kukataliwa kabisa. Inayoanza na 4 ni kuambiwa kwamba kwa sasa haiwezekani, ijaribiwe tena. Orodha ya kijivu yote imesimama juu ya hiyo 4. Mazungumzo yake huwa mafupi hivi:

```
MAIL FROM:<mwombaji@example.com>
250 2.1.0 Ok
RCPT TO:<usajili@example.org>
450 4.2.0 <usajili@example.org>: Recipient address rejected: Greylisted
```

Katika mfano huu, mgeni ametaja jina lake akaitikiwa, akamtaja mwenyeji anayemtafuta, na hapo hapo akapewa 450. Mazungumzo hukatika kabla maneno ya barua hayajatumwa. Seva inayopokea haijaona kichwa cha habari, haijaona kiambatisho, haijasoma hata salamu. Kwa hiyo mpokeaji anayefungua folda ya barua taka kutafuta barua ya namna hii anatafuta kitu ambacho hakijaingia nyumbani kwake. Barua nzima ingali kwa mtumaji, kwenye foleni ya seva yake, ikisubiri zamu ya pili.

Kabla ya kumrudisha mgeni, seva hiyo huandika mambo matatu kwenye daftari lake: namba ya mtandao ya seva iliyopiga hodi, anwani ya mtumaji, na anwani ya mpokeaji. Pembeni huandika saa. Hodi ikipigwa tena na mambo hayo matatu yakalingana, na muda uliowekwa ukawa umepita, mlango hufunguliwa na barua hupokelewa kama kawaida. Tangu hapo mambo hayo matatu hubaki daftarini, na barua zinazofuata kati ya watu hao wawili hupita bila kusubiri. Likibadilika moja tu kati ya matatu, mgeni huhesabiwa mpya.

Utaratibu wa kurudi baadaye haukubuniwa kwa ajili ya barua taka. Umo katika kanuni za barua pepe tangu mwaka 1982, zama ambazo kompyuta za kupokea zilizimwa mara kwa mara, nyaya zilikatika na diski zilijaa. Kanuni ilimtaka mtumaji aweke barua kwenye foleni na kurudia badala ya kukata tamaa mara ya kwanza. Mwaka 2003 mtaalamu wa kompyuta Evan Harris alitoa andiko lililoonyesha kwamba uungwana huo unaweza kugeuzwa mtego. Programu nyingi za kusambaza taka za wakati ule hazikuwa na foleni. Zilipewa mamilioni ya anwani, zikapiga hodi moja kila mlango na kwenda zake. Kurudi kulidai kukumbuka nani alisema nini na saa ngapi, na kwa programu iliyofichwa ndani ya kompyuta ya mtu asiye na habari, kazi hiyo haikuwa na faida. Anayerudi, basi, huenda ni seva halali. Asiyerudi hakuwa na haja kubwa.

Harris alipendekeza mgeni asubirishwe saa moja. Waliotengeneza programu baada yake waliona saa moja ni nyingi mno kwa watu wenye kazi, wakapunguza. Postgrey, programu ya orodha ya kijivu inayotumika sana pamoja na seva za Postfix, husubirisha sekunde 300, yaani dakika tano, kama msimamizi hajabadilisha. Ile ya mfumo wa OpenBSD husubirisha dakika 25. Hata muda mfupi una faida ya pili ambayo wengi huisahau: wakati mgeni anasubiri, seva nyingine duniani huwa zinamripoti kama ni msumbufu. Anaporudi, huenda jina lake limekwishaingia kwenye orodha nyeusi, akakataliwa safari hii kwa namba 5.

Swali linalomsumbua mpokeaji ni kwa nini dakika tano hugeuka kuwa robo saa, nusu saa au saa nzima. Jibu haliko kwa seva inayopokea. Yenyewe imeweka tu muda wa chini ambao kabla yake haitafungua, na haina namna ya kumwita mgeni arudi. Saa ya kurudi huamuliwa na foleni ya mtumaji.

Mwombaji mmoja wa masomo aliyeko Morogoro anaweza kuwa mfano. Siku ya Jumanne anatuma barua yake ya kwanza kwa ofisi ya usajili ya chuo kilichoko Ulaya. Ni saa nne na dakika mbili asubuhi, ambayo mashine huandika 10:02. Seva anayotumia ni Postfix iliyoachwa na mipangilio yake ya asili, na chuo kinatumia Postgrey, nayo kwa mipangilio yake ya asili. Saa 10:02:14 hodi ya kwanza inapigwa, 450 inarudi. Postfix inaiweka barua kwenye foleni ya zilizoahirishwa na kuipa angalau sekunde 300 kabla ya kuigusa tena, yaani mpaka 10:07:14. Lakini Postfix haimkodolei macho kila aliye kwenye foleni. Hupita kuikagua foleni nzima kila baada ya dakika tano, kama mlinzi anayezunguka uzio. Mzunguko mmoja unaangukia 10:05:40, na barua hii bado haijafikisha muda wake. Unaofuata ni 10:10:40. Hapo ndipo hodi ya pili inapigwa, mlango unafunguliwa, na barua inaingia. Zimepita sekunde 506, karibu dakika nane na nusu, ingawa seva ya chuo ilitaka dakika tano tu.

Mwombaji huyo angekuwa anatumia seva ya Exim, mipangilio ya kawaida ingerudia kila dakika 15 katika saa mbili za mwanzo, na barua ingefika kama saa nne na robo na ushee. Waraka wa kanuni wa mwaka 2008, RFC 5321, hushauri mtumaji asirudie kabla ya dakika 30, na aendelee kujaribu kwa walau siku nne au tano kabla ya kuirudisha barua kwa mwenyewe. Kwa hiyo seva inayorudia kila nusu saa, au kila saa moja, haina kosa lolote. Imefuata kanuni tu, na mpokeaji ndiye anayekaa akitazama skrini.

Barua ikishafika, safari yake inaweza kusomwa. Programu nyingi za barua pepe zina mahali pa kuonyesha barua kamili pamoja na mistari ya juu isiyoonekana kwa kawaida. Kwenye Gmail, kwa mfano, huitwa "Onyesha ya asili" au jina linalokaribiana na hilo. Mistari inayoanza na `Received` ni mihuri ya posta. Kila seva hugonga muhuri wake juu ya ule uliotangulia, kwa hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu. Barua ya mwombaji wa Morogoro, mistari yake ikifupishwa, ingesomeka hivi:

```
X-Greylist: delayed 506 seconds by postgrey-1.37
    at mx.example.org; Tue, 14 Jan 2025 08:10:40 CET
Received: from mail.example.com (192.0.2.25)
    by mx.example.org; Tue, 14 Jan 2025 08:10:40 +0100
Received: from [10.0.0.7]
    by mail.example.com; Tue, 14 Jan 2025 10:02:14 +0300
```

Hapa hujikwaa wengi. Kwa kutazama haraka, barua imetumwa saa 10:02 na kupokelewa 08:10, kana kwamba ilifika kabla haijaandikwa. Kinachosahaulika ni mkia wa kila mstari. `+0300` ni saa ya Afrika Mashariki, na `+0100` ni saa ya Ulaya ya kati wakati wa baridi. Saa 08:10:40 ya kule ni 10:10:40 ya huku. Ukishaondoa tofauti hiyo ya saa mbili, pengo linalobaki ni la dakika nane na nusu, na mstari wa `X-Greylist` unaitaja sababu yake waziwazi. Si kila programu huacha mstari huo. Usipokuwepo, pengo kati ya muhuri wa seva ya mtumaji na muhuri wa seva ya mpokeaji ndilo la kutazamwa. Likiwa la dakika kadhaa kwenye barua ya kwanza na la sekunde chache kwenye ya pili, dalili ni hiyo.

Kwa kuwa anwani ya mpokeaji ni sehemu ya yale mambo matatu, hutokea kioja kinachozua manung'uniko maofisini. Barua moja hutumwa kwa watu watatu wa ofisi moja. Yule aliyewahi kuandikiana na mtumaji huipata papo hapo, na wawili wengine huipata baada ya nusu saa. Asubuhi hiyo mmoja anaulizwa maoni yake kuhusu barua ambayo hajaiona, na anashukiwa kuwa hafungui barua zake. Kumbe seva ilimkubali mmoja na kuwaahirisha wawili katika mazungumzo yale yale.

Kioja kingine ni cha mgeni asiyezoeleka. Daftari halikai milele: Postgrey hufuta jina lisilotumika kwa siku 35. Mtu anayetuma ankara kila baada ya miezi mitatu hupokelewa kama mgeni kila mara, hata akiwa na miaka kumi ya kuandikiana na ofisi hiyo, isipokuwa kama msimamizi amemwandika kwenye orodha nyeupe.

Kampuni kubwa za kutuma barua zina tatizo la peke yake. Hazina seva moja, zina msururu wa seva. Hodi ya kwanza hupigwa na seva moja, ya pili na jirani yake, ya tatu na nyingine tena, na kila moja ina namba yake ya mtandao. Daftari linalodai namba ile ile lingewaona wageni watatu waliokuja mara moja moja. Ndiyo maana Postgrey hulinganisha sehemu tatu za mwanzo za namba na kuiachia ya mwisho: 192.0.2.25 na 192.0.2.31 huhesabiwa nyumba moja. Huja pia na orodha ya watumaji wakubwa wasiosubirishwa kabisa. Pale orodha hiyo inapokuwa ya zamani, na seva za mtumaji zimetawanyika mbali, barua inaweza kuzunguka kwa saa kadhaa mpaka seva moja ibahatike kurudi mlango ule ule.

Mahali ambapo ucheleweshaji huu huuma hasa ni kwenye namba za uthibitisho. Mtu anajiandikisha kwenye huduma fulani, anaambiwa namba ya tarakimu sita imetumwa kwenye barua pepe yake na itakufa baada ya dakika kumi. Dakika tatu zinapita, hakuna kitu. Anabonyeza kitufe cha kutuma tena. Bado kimya. Anabonyeza mara ya tatu. Katika huduma nyingi kila ombi jipya huua namba iliyotangulia. Barua tatu zinapokuja kufika, pengine kwa mpangilio uliovurugika, anajaza namba ya kwanza aliyoiona, nayo imekwishakufa. Akikosea mara kadhaa, akaunti inafungwa.

Njia iliyo bora katika hali hii inaonekana ya ajabu kidogo: kuiacha namba ya kwanza ife. Kitufe hakiguswi mpaka barua ya kwanza ionekane kwenye kikasha, hata kama itachukua nusu saa na namba yake haifai tena. Kufika kwake ni ushahidi kwamba mtumaji amekwishaandikwa daftarini. Namba mpya ikiombwa baada ya hapo, mara nyingi huingia ndani ya sekunde chache. Kama huduma inaruhusu namba itumwe kwa ujumbe wa simu, hiyo ni njia fupi zaidi, kwa kuwa haipiti kwenye seva ya barua pepe hata kidogo.

Kwa barua za kawaida, la kwanza ni mtumaji kujizuia kutuma tena. Nakala ya pili haiisukumi ile ya kwanza, na mwisho mpokeaji hupata mbili. Kutuma tena kwa anwani nyingine, kama mtu anapoacha anwani ya ofisi na kutumia ya simu yake binafsi, ni kuanza upya kwa jina jingine. Kama jambo ni la haraka, simu moja ya kumwarifu mpokeaji kwamba barua iko njiani ina faida kuliko nakala tano.

Mwenye tarehe ya mwisho mbele yake anaweza kufanya kitu kabla. Siku moja au mbili kabla ya kupeleka maombi au zabuni, anatuma barua fupi ya kawaida kwa anwani ile ile, kutoka anwani ile ile atakayotumia, kwa mfano akiuliza kama nyaraka hupokelewa kwa kiambatisho. Swali hilo ndilo linalosubirishwa mlangoni. Maombi yenyewe yakija kesho yake hukuta jina limekwishaandikwa. Wanaoacha barua yao ya kwanza mpaka dakika kumi kabla ya saa ya kufunga hukutana na orodha ya kijivu kwa mara ya kwanza katika saa mbaya kuliko zote, na muhuri utakaohesabiwa na ofisi huenda ukawa ule wa seva iliyopokea.

Mpokeaji naye ana la kufanya, hasa kama anwani yake ni ya kazi. Anaweza kumwomba msimamizi wa seva amwingize mtumaji fulani, au kikoa chake kizima, kwenye orodha nyeupe. Ombi liwe na anwani kamili ya mtumaji na saa barua ilipotumwa, maana kwa hayo mawili msimamizi hupata mstari wake kwenye kumbukumbu za seva ndani ya dakika moja. Msimamizi wa upande wa mtumaji anaweza kuona hata zaidi. Kwenye Postfix huandika `postqueue -p`, na barua inayosubiri huonekana pamoja na jibu lililotolewa, neno `Greylisted` likiwemo. Anaweza pia kulazimisha ijaribiwe wakati huo kwa `postqueue -f`, ingawa akifanya hivyo kabla ya dakika tano kuisha atajibiwa 450 ile ile.

Yapo makosa ambayo subira haiyatibu. Baadhi ya tovuti ndogo hutuma barua kwa programu iliyoandikwa bila foleni: ikijibiwa 450 huona imeshindwa na kuitupa barua, bila kumwambia mtu. Barua hiyo haipo popote, na kwa mpokeaji ukimya wake haujulikani na ule wa barua inayosubiri. Tofauti huonekana kwa muda. Seva ya kweli hurudi ndani ya saa moja, mara chache zaidi. Saa nne zikipita bila kitu, baadhi ya seva humpelekea mtumaji onyo kwamba barua imechelewa lakini bado inajaribiwa; onyo hilo si kukataliwa, na halidai kutuma upya. Siku nzima ikipita bila barua wala onyo, chanzo hutafutwa kwingine: anwani iliyokosewa herufi, kikasha kilichojaa, au tovuti isiyojua kurudia.

Na barua za mtu yule yule zikichelewa siku ya pili, ya tatu na ya nne, orodha ya kijivu haihusiki, kwani yenyewe humsubirisha mgeni mara moja. Siku hizi hata walinzi wake wameupunguza mzigo wake. Watuma taka wengi wamejifunza kurudi, na wengine hutumia akaunti zilizoibwa kwenye seva halali, ambazo hurudi zenyewe kwa mujibu wa kanuni. Mashirika mengi yameizima, na mengine huwasubirisha wale tu ambao seva yao inatia shaka kwa sababu nyingine. Pale inapobaki, kinachoichelewesha barua ya kwanza ni foleni ya aliyeituma, na mpokeaji hana kitufe cha kuiharakisha.